Kutoka "walifariki" hadi "hufariki"

Muhula huu kundi letu la usomaji hapa klabuni lilichagua makala moja ya utafiti wa tiba. Tulijipa kazi ya kuiandika upya sehemu yake ya Mjadala kwa Kiswahili, kwa maneno yetu wenyewe, ili wazazi wetu waweze kuisoma. Wengi wetu Kiswahili tumekipata jikoni na kwenye simu za jioni na nyumbani kwa bibi wakati wa likizo, kwa hiyo tulidhani kazi ngumu itakuwa majina ya dawa na magonjwa. Majina hayakutuchelewesha. Mbinu husema kilichofanyika, na Matokeo hutoa hesabu. Sehemu hizo mbili tulizimaliza kwa majuma mawili. Mjadala ndipo watafiti wanaposema hesabu zile zina maana gani, na hapo tulibishana karibu mwezi mzima. Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya kiambishi kimoja cha kitenzi.

Jaribio tulilolisoma linaitwa FEAST. Lilifanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Lilianza mwaka 2009, likasimamishwa Januari 2011, na makala yake ikatoka mwaka huo huo katika jarida la New England Journal of Medicine. Aliyeliongoza ni Kathryn Maitland, daktari wa watoto ambaye kazi zake nyingi zimefanyika Kilifi. Watoto waliochunguzwa walikuwa 3141. Wote walifika hospitalini wakiwa na homa kali, wamepungukiwa fahamu au wanapumua kwa shida, na wana dalili kwamba damu haiwafikii vizuri viungoni: miguu ya baridi, mapigo dhaifu ya mkononi, au ukucha ukiminywa unachukua sekunde tatu au zaidi kurudisha rangi yake. Madaktari huiita hali hii mshtuko. Si mshtuko wa mtu aliyepata habari mbaya. Ni mwili kushindwa kupeleka damu ya kutosha mahali inapohitajika.

Kwa miaka mingi miongozo ya tiba ilisema mtoto wa namna hii atiliwe maji mengi ya mshipani kwa haraka, ili mzunguko wa damu urudi. Jaribio liliwagawa watoto kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa kwa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. La pili lilipewa kwa haraka maji ya chumvi ya kawaida ya hospitali. Kipimo cha mwanzo kilikuwa mililita 20 kwa kila kilo ya mtoto ndani ya saa moja, maana yake mtoto wa kilo 10 alipata kama glasi moja ndogo ya maji. Baadaye kipimo kiliongezwa. Kundi la tatu halikupewa maji ya haraka. Lilipewa dripu ya polepole tu, kiasi cha kumtosha mtoto asiyeweza kunywa. Dawa za malaria, viuavijasumu, oksijeni na damu walipewa watoto wa makundi yote kadiri walivyohitaji.

Ndani ya saa 48 walifariki watoto 111 kati ya 1050 waliopewa albumini, 110 kati ya 1047 waliopewa maji ya chumvi, na 76 kati ya 1044 waliopewa dripu ya polepole. Kwa asilimia ni 10.6, 10.5 na 7.3. Jaribio lilikuwa limepangwa kufikia watoto 3600, lakini kamati huru iliyokuwa ikiangalia usalama ilipoziona hesabu hizo ilishauri uandikishaji usimame.

Sasa turudi kwenye kile kiambishi. Sentensi ya kwanza ya rasimu yetu ilikuwa hii: "Watoto waliopewa maji ya haraka walifariki wengi zaidi." Hakuna aliyeipinga. Kisha mwenzetu mmoja, ambaye hupenda mambo mafupi, akapendekeza sentensi ya pili: "Maji ya haraka huua watoto." Meza nzima ilinyamaza, halafu ikalipuka. Sentensi zote mbili zinatokana na hesabu zile zile. Lakini -li- ya kwanza inasimulia jambo lililotokea, kwa watoto fulani, katika hospitali fulani, ndani ya miaka miwili. Hu- ya pili haina mipaka. Inasema ndivyo mambo yalivyo siku zote, kama tunavyosema jua huchomoza mashariki. Tulipoisoma tena makala tukiwa na swali hilo, tuliona kwamba Mjadala wote ni safari ya kutoka -li- kuelekea hu-, na kwamba mwandishi mzuri husimama njiani pale ushahidi wake unapoishia.

Kituo cha kwanza ni ukubwa wa tofauti na uhakika wake. Ukiyachanganya makundi mawili ya maji ya haraka na kuyalinganisha na la tatu, hatari ya kufariki ilikuwa mara 1.45. Mwenzetu mwingine alitaka tuandike kwamba maji ya haraka yaliongeza vifo kwa asilimia 45. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini mzazi anayeisoma peke yake anaweza kudhani kwamba karibu nusu ya watoto walikufa kwa sababu ya dripu. Kwa hiyo tuliweka pamoja naye hesabu ya pili: kati ya watoto 100 waliopewa dripu ya polepole walifariki kama 7, na kati ya 100 waliopewa maji ya haraka walifariki 10 au 11. Ni watoto watatu zaidi katika kila mia. Watatu si wachache, hasa kwa tiba iliyotolewa ili kuokoa, lakini ni picha tofauti na ile ya asilimia 45 iliyosimama bila mwenzake.

Makala inatoa pia mipaka ya makadirio hayo: kutoka mara 1.13 hadi mara 1.86. Maana yake, kwa kuzingatia bahati ya kura, hatari ya kweli ingeweza kuwa imeongezeka kidogo tu, au kwa zaidi ya nusu. Mipaka yote miwili iko upande mmoja wa moja, yaani upande wa madhara. Ndiyo maana waandishi waliweza kusema kwa sauti thabiti kwamba maji ya haraka yaliongeza vifo kwa watoto hawa, wasihitaji "labda". Kulikuwa na udhaifu mmoja: madaktari waliwajua watoto waliotiliwa maji ya haraka na wasiotiliwa, kwa kuwa jambo hilo haliwezi kufichwa kando ya kitanda. Lakini kilichohesabiwa kilikuwa kifo, na kifo hakibadiliki kwa maoni ya anayehesabu. Kama kipimo kingekuwa "mtoto anaonekana nafuu", sauti ile ingebidi ishuke.

Kituo cha pili ni swali la watoto gani, na hapa ndipo tulipoona kwamba sentensi mbaya inaweza kumdhuru mtu. Mmoja wetu alimsomea mama yake rasimu kwa simu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo mwanangu, mtoto akiharisha asitiwe dripu tena?" Lilikuwa swali la haki kabisa, kwa sababu hakuna neno katika rasimu ile lililomkataza kufikiri hivyo. Na jibu lake ni kinyume. Watoto wenye kuharisha na kutapika hawakuingizwa kwenye jaribio hili, kwa kuwa wao wamepoteza maji mwilini na wanahitaji kurudishiwa. Hawakuingizwa pia wenye utapiamlo mkali, wala walioungua, wala walioumia kwa ajali. Mtoto wa kipindupindu aliyelegea akinyimwa maji kwa sababu ya sentensi yenye hu-, anaweza kufa kwa sababu ya sentensi hiyo.

Kulikuwa na mpaka mwingine, mdogo kwa hesabu lakini mkubwa kwa maana. Watoto 29 walifika wakiwa na shinikizo la damu la chini mno. Hao hawakupigiwa kura ya kukosa maji ya haraka; wote walipewa, na kura iliamua tu aina ya maji. Kwa hiyo jaribio halina la kusema kama maji ya haraka yaliwasaidia au yaliwadhuru. Tena, hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia kama za wodi za wagonjwa mahututi za hapa tunaposoma. Waandishi walivitamka vizuizi hivi. Kuhusu mahali penye rasilimali chache, na kwa watoto wenye mshtuko ambao shinikizo lao la damu halijashuka mno, walisema matokeo yao yanatia changamoto imani kwamba maji ya haraka huokoa maisha. Kuhusu mahali pengine, walisema tu kwamba matokeo yanaibua maswali. Tulikaa juu ya vitenzi hivyo viwili. "Kutia changamoto" ni pale ulipochunguza mwenyewe. "Kuibua maswali" ni kwa jirani yako, ambaye hukuingia nyumbani kwake lakini umesikia harufu ya moshi.

Kituo cha tatu ni tafiti zilizotangulia. Tulikuwa tunadhani kulinganisha ni kuandika kwamba fulani naye alipata kama sisi, na fulani hakupata kama sisi. Mfano wa FEAST ulitufundisha kazi hasa ni ipi, kwa sababu utafiti uliotofautiana nayo ulikuwa wa Maitland mwenyewe na wenzake. Mwaka 2005 walitoa matokeo ya jaribio dogo la Kilifi kwa watoto wenye malaria kali. Waliopewa albumini walifariki 2 kati ya 56, na waliopewa maji ya chumvi walifariki 11 kati ya 61. Ni asilimia 3.6 dhidi ya 18. Aliyezisoma hesabu hizo mwaka 2005 angekuwa na haki ya kutumaini kwamba albumini ni bora kuliko maji ya chumvi. Miaka sita baadaye, katika jaribio kubwa, albumini na maji ya chumvi vikatoka karibu sawa kabisa: 10.6 na 10.5.

Je, jaribio la kwanza lilidanganya? Hapana. Ulinganisho huo ulikuwa na watoto 117 na vifo 13 tu. Hatari kwa maji ya chumvi ilikadiriwa kuwa mara 5.5 ya albumini, lakini mipaka ya makadirio hayo ilitoka 1.2 hadi 24.8. Mipaka mipana namna hiyo ni makala yenyewe kukwambia: nimeona kitu, lakini sijui ni kikubwa kiasi gani. Tulifanya hesabu ndogo. Lau watoto watatu zaidi wangefariki katika kundi la albumini, ingekuwa 5 kati ya 56, karibu asilimia 9, na ile mara tano ingeshuka kuwa mara mbili. Watoto watatu tu wangeligeuza jambo hivyo. Katika FEAST, watatu zaidi katika kundi la watu elfu moja wasingeonekana. Kwa hiyo mtu anapolinganisha tafiti mbili, hatoshi kuuliza nani kapata nini. Anauliza kila mmoja alihesabu wangapi, walikuwa wagonjwa wa namna gani, na swali lililoulizwa lilikuwa lilelile au la. Jaribio la 2005 liliangalia hasa maji gani ni bora. FEAST iliuliza pia swali lililotangulia hilo: je, maji ya haraka yenyewe yanahitajika?

Mfano wa pili wa zamani ulitushangaza zaidi. Mwaka 1991 madaktari wa Washington walitoa ripoti ya watoto 34 wenye mshtuko uliotokana na maambukizi. Watoto 9 walipata zaidi ya mililita 40 kwa kilo katika saa ya kwanza, na 8 kati yao walipona, wakati katika makundi yaliyopata maji kidogo zaidi waliopona walikuwa chini ya nusu. Kazi za namna hii zilitajwa sana miongozo ya maji ya haraka ilipoandikwa. Lakini watoto wale hawakugawanywa kwa kura. Walipata maji kadiri daktari wa zamu alivyoona, tena katika hospitali yenye wodi ya wagonjwa mahututi na vifaa vyote. Ripoti ile ilisema ukweli kuhusu watoto 34. Safari ya kutoka kwao hadi mtoto wa malaria kule Soroti ilifanywa na wasomaji, na njiani hapakuwa na daraja.

Jozi ile ya 10.6 na 10.5 ilituletea pia ubishi wa lugha. Tuandike "hakuna tofauti kati ya albumini na maji ya chumvi", au "haikuonekana tofauti"? Kwa mazungumzo ya nyumbani ni kitu kimoja. Lakini ukimwambia mama "chumvi haipo kabatini" na ukimwambia "sikuiona chumvi kabatini", anajua katika kauli ya pili kwamba huenda hukuisogeza mitungi. Mipaka ya ulinganisho huo ilikuwa kutoka mara 0.78 hadi mara 1.29. Yaani jaribio hili, kubwa kama lilivyo, halikuweza kufuta uwezekano kwamba aina moja ina ubora wa kiasi fulani juu ya nyingine. Lilichoweza kufuta ni ule ubora wa mara tano. Tuliandika "haikuonekana", tukaongeza sentensi moja ya kueleza ni tofauti ya ukubwa gani ambayo sasa haiwezekani tena kuiamini.

Kituo cha mwisho ni swali la kwa nini. Hapa kila mmoja wetu alikuwa na jibu, na karibu wote lilikuwa lile lile: maji yalijaa mapafuni, watoto wakashindwa kupumua. Ni maelezo yanayoingia akilini mara moja, na bibi yeyote angeyaelewa. Waandishi wa 2011 hawakuyatangaza kuwa ndiyo sababu. Walitaja njia kadhaa zinazowezekana, wakaziacha kama zinazowezekana. Mwaka 2013 walichapisha makala nyingine, baada ya kupitia jinsi kila mtoto alivyokuwa katika saa zake za mwisho. Ziada kubwa ya vifo katika makundi ya maji ya haraka ilihusiana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kulegea, kuliko maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba. Kama Mjadala wa 2011 ungeandika "kwa sababu", maelezo yale mepesi yangeenea duniani, na daktari angeweza kujiambia kwamba mradi anasikiliza mapafu basi anaweza kuendelea na maji. Waliandika "huenda", na nafasi ya kutafuta ikabaki wazi.

Tuligundua hapo kwamba Kiswahili chetu cha nyumbani kina ngazi nzima ya maneno haya, ila hatukuwahi kuyapanga. Juu kabisa kuna "imethibitika". Chini yake "yanaonyesha", kisha "yanaashiria", "yanadokeza", "yaelekea", "yamkini", "huenda". Na pembeni kuna "eti", ambayo mama zetu huitumia kwa habari wasiyoiamini. Wenzetu wa Mombasa na wa Bukavu hawakukubaliana kama "yaelekea" ina nguvu kuliko "yamkini", na hatukulazimisha jibu. Tulikubaliana tu kwamba katika makala moja kila neno libaki na uzito wake mpaka mwisho, ili "yanadokeza" ya ukurasa wa kwanza isije ikawa "imethibitika" kwenye hitimisho bila ushahidi mpya kuingia katikati.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake. Mtoto mwenye homa ambaye mzunguko wake umedhoofika, lakini hana dalili zote za mshtuko kamili, hapewi tena maji ya haraka. Mwenye mshtuko kamili hupewa, kwa kiasi cha chini na polepole kuliko zamani. Mwongozo huo umegawanyika mahali palepale ambapo Mjadala uligawanya: hapa tunajua, hapa bado.

Aya tuliyomaliza nayo, na ambayo mama aliyeuliza kuhusu kuharisha ameisoma na kusema sasa ameelewa, ni hii:

"Katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, watoto wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni walifariki wengi zaidi walipotiliwa maji ya mshipani kwa haraka kuliko walipopewa dripu ya polepole, tofauti ilikuwa kama watoto watatu katika kila mia. Haikuonekana tofauti kati ya albumini na maji ya chumvi, ingawa jaribio dogo la awali lilidokeza kwamba albumini ni bora. Matokeo haya hayawahusu watoto wanaoharisha na kutapika, wenye utapiamlo mkali, walioungua au walioumia, na hayatoi jibu kuhusu wale ambao shinikizo lao la damu limeshuka mno. Sababu ya vifo vya ziada haikuthibitika katika jaribio lenyewe. Uchunguzi wa baadaye unaashiria moyo na mzunguko wa damu zaidi kuliko mapafu. Mzazi asikatae dripu kwa sababu ya makala hii. Amwulize daktari mtoto anapewa maji kwa ajili gani, na kwa kasi gani."